Umeshinda, Lakini Utalipwa Kidogo Kidogo

Kwenye ukurasa wa vigezo na masharti wa kasino nyingi za mtandaoni kuna sentensi mbili ambazo hukaa sehemu tofauti. Moja inataja kiasi cha juu ambacho mchezaji anaweza kulipwa kwa ushindi mmoja. Nyingine inataja kiasi cha juu anachoruhusiwa kutoa kwa wiki au kwa mwezi. Anayecheza kwa dau dogo na kushinda kidogo hatagongana nazo maishani mwake. Zinamhusu yule mmoja kati ya maelfu ambaye bahati imemwangukia kweli, na mara nyingi huzisoma kwa mara ya kwanza usiku uleule wa kushinda, akishangaa kwa nini ombi lake la kutoa pesa limekataliwa.

Sentensi hizi mbili huchanganywa, ilhali madhara yake hayafanani hata kidogo. Ukomo wa malipo hufuta deni: kinachozidi si chako, na hakitakuwa chako. Ukomo wa kutoa hauondoi deni bali hulichelewesha: pesa ni zako, jina lako limeandikwa juu yake, lakini zinabaki mikononi mwa mtu mwingine kwa miezi au miaka. Ukomo wa malipo ni mwepesi kueleweka, kwa hiyo tuumalize kwanza.

Wanaobeti mpira wanaujua, hata kama hawajawahi kuusoma. Tuchukue mkeka wa mechi kumi na tano uliowekewa shilingi 2,000, na odi zote zikizidishwa zinafika 40,000. Mkeka ukitiki, hesabu inatoa shilingi milioni 80. Lakini kampuni imeweka ukomo wa milioni 50 kwa mkeka mmoja. Milioni 30 zinazobaki hazilipwi leo wala kesho, na kwa kuwa mteja alikubali masharti alipofungua akaunti, kudai ni kazi ngumu. Watu wengi husimama hapo, wakisema afadhali milioni 50 kuliko kukosa kabisa. Mimi ningependa tuirudie hesabu kwa kuanzia mwisho. Ili kupata milioni 50 kwa odi 40,000, dau linalohitajika ni shilingi 1,250. Kwa hiyo katika zile 2,000, shilingi 750 zilikuwa zimewekwa mahali ambapo haziwezi kushinda chochote, mechi ziende zitakavyokwenda. Kampuni ilizipokea kama dau halali, na mkeka ukichanika inabaki nazo zote. Mtu anayepanga mikeka mirefu anaweza kujikinga kwa kugawanya ukomo kwa jumla ya odi kabla ya kuandika dau. Kuzidisha hapo ni kutupa pesa.

Ukomo wa kutoa ndio wenye mengi, na ndio unaowaumiza wanaoshinda kwenye sloti za mtandaoni.

Tutengeneze mfano kwa masharti ya aina inayopatikana kwenye tovuti nyingi zenye leseni za visiwa vya mbali kama Curaçao. Mchezaji ameweka euro 200. Baada ya saa mbili mchezo umeingia kwenye mizunguko ya bonasi, vizidisho vimepandana, na salio limesimama kwenye euro 180,000. Anafungua masharti na kukuta kwamba anaweza kutoa euro 2,500 kwa wiki. Anapiga hesabu ya haraka: 180,000 kugawanya kwa 2,500 ni wiki 72, yaani mwaka mmoja na miezi minne na ushee. Anasikitika, lakini anaona atavumilia.

Mstari unaofuata unasema ukomo wa mwezi ni euro 7,500. Mwezi una wiki nne na siku kadhaa, na ukomo wa wiki peke yake ungemruhusu kutoa zaidi ya 10,000 kwa mwezi. Sasa ule wa mwezi ndio unaotawala. Kila mwezi atatoa mara tatu, kisha atasubiri mpaka mwezi ufunguke upya. Euro 180,000 kugawanya kwa 7,500 ni miezi 24. Wiki 72 alizozihesabu zimegeuka miaka miwili kamili, na hakuna aliyemdanganya. Namba zote mbili zilikuwa pale. Hivi ndivyo vifungu hivi vinavyofanya kazi: hutangazwa kwa wiki kwa sababu namba ya wiki inasikika vizuri, halafu hubanwa kwa mwezi. Inafaa pia kuangalia mwezi unahesabiwaje. Baadhi ya kasino huhesabu mwezi wa kalenda, nyingine huhesabu siku 30 tangu mara ya mwisho kutoa, na ukichelewa siku mbili kuomba, siku hizo zinasukuma foleni yote nyuma.

Miaka hiyo miwili ina bei. Euro ya kwanza anaipata mwezi wa kwanza na ya mwisho mwezi wa 24, kwa hiyo kwa wastani kila euro yake inasubiri mwaka mmoja hivi. Kama angeziweka zote benki kwenye akaunti ya muda maalumu inayolipa asilimia 5 kwa mwaka, angepata kama euro 9,000 katika mwaka huo wa kusubiri. Faida hiyo haiendi popote kwake, kwa sababu salio la kasino halizai riba. Kwa lugha ya fedha, mshindi ameikopesha kasino euro 180,000 bila riba na bila dhamana, zirejeshwe kwa miezi 24, na mkopo huo hakuutia saini kwa kujua.

Kuna toleo kali zaidi la kifungu hiki. Linasema kwamba ushindi ukifika mara kumi ya jumla ya pesa ulizowahi kuweka, kasino ina haki ya kulipa asilimia 10 tu kwa mwezi, au kukushusha kwenye ukomo mdogo kuliko wa kawaida. Ukisoma harakaharaka unaweza kudhani kinamhusu mtu mwenye mwenendo wa kutiliwa shaka. Lakini karibu kila ushindi mkubwa wa sloti unazidi mara kumi ya pesa zilizowekwa. Ndiyo maana unaitwa mkubwa. Mchezaji wetu wa euro 200 alivuka mpaka huo salio lilipofika 2,000. Kwa maneno mengine, ukomo unaoonekana juu ya ukurasa ni wa watu wa kawaida, na mshindi ana wake uliofichwa chini zaidi. Wanaotumia bonasi ya bure bila kuweka pesa nao wana kifungu chao, ambacho kwa kawaida huruhusu kutoa euro 50 au 100 tu na kufuta zinazobaki.

Kasino zina maelezo yake, na si yote ya uongo. Ushindi mkubwa wa sloti ya kawaida hulipwa na kasino yenyewe kutoka kwenye mtaji wake. Tovuti ndogo inayozungusha euro laki chache kwa mwezi ikilipa 180,000 kwa siku moja inaweza kushindwa kuwalipa wateja wengine wiki hiyo. Basi inalipa kadiri mapato yanavyoingia. Lakini angalia maana ya maelezo hayo. Yanakiri kwamba nyumba imeuza tiketi za ushindi ambao haina akiba ya kuulipa. Michezo mingi ya sloti siku hizi inatangaza ushindi wa juu wa mara 5,000 ya dau au zaidi, na kasino ndiyo inayochagua dau kubwa linaloruhusiwa. Anayeruhusu dau la euro 100 kwenye mchezo kama huo ameahidi euro 500,000. Kama hana, angepunguza dau, maana hatari hiyo aliiona kabla ya mchezaji.

Sababu ya pili haisemwi hadharani, na inaonekana vizuri zaidi ukiutazama ukurasa wa malipo wenyewe. Mchezaji ameomba euro 2,500. Ombi limeandikwa "Pending", na pembeni yake kuna kitufe kidogo cha "Cancel". Juu ya ukurasa, kwa herufi nene, linaonekana salio lililobaki: 177,500. Chini yake kuna picha za michezo ileile aliyoshindia, na kila picha inafunguka kwa mguso mmoja. Kutoa kunachukua siku, kucheza kunachukua sekunde. Na hata zile 2,500 alizoomba, akibonyeza kitufe hicho, zinarudi kwenye salio papo hapo.

Fanya hesabu ya mtu aliyeachwa na salio kama hilo kwa miaka miwili. Sloti ya kawaida hurudisha kwa wastani asilimia 96 ya madau, maana yake nyumba hubaki na asilimia 4. Akicheza kwa euro 2 kwa mzunguko, mizunguko 500 kwa saa, anazungusha euro 1,000 na kwa wastani anapoteza 40. Lakini mtu mwenye 177,500 mbele ya macho haoni euro 2 kuwa dau. Akipanda hadi euro 20, anazungusha 10,000 kwa saa na kupoteza 400. Saa kumi kwa wiki ni euro 4,000. Linganisha na euro 2,500 anazoruhusiwa kutoa kwa wiki hiyohiyo, tena mara tatu tu kwa mwezi. Pesa zinarudi kasino kwa kasi kuliko zinavyomfikia mwenyewe. Ninaliona jambo hili kuwa zito kuliko riba iliyopotea, kwa kuwa riba hupunguza ushindi na mzunguko huu huumaliza. Mtu anayepambana na uraibu wa kamari huambiwa aondoe pesa karibu na mchezo, na ukomo huu unamlazimisha aziache palepale.

Tume ya Kamari ya Uingereza ilifikia uamuzi huohuo kuhusu kitufe cha kufuta ombi. Mwaka 2020, wakati watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, iliziagiza kampuni ziache kuwaruhusu wateja kurudisha pesa walizokwishaomba kutoa, na tangu Oktoba 2021 katazo hilo limekuwa la kudumu. Kabla ya hapo, mwaka 2019, mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilizibana baadhi ya kampuni za kamari za mtandaoni kuhusu vikomo vya kutoa vya siku, wiki na mwezi, kwa hoja kwamba vinamzuia mteja kuzipata pesa ambazo ni zake. Hoja ni ileile popote, lakini mamlaka hizo haziwezi kuigusa tovuti isiyo na leseni yao.

Hatari ya tatu ni kwamba kasino yenyewe inaweza isiwepo mwezi wa ishirini na nne. Salio kwenye skrini ni deni tu. Kampuni ikifilisika, mchezaji anasimama kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki na nyuma ya kodi. Mfano mkubwa zaidi unaojulikana ni Full Tilt Poker. Serikali ya Marekani ilipoizuia tovuti hiyo Aprili 2011, wachezaji duniani kote walikuwa na salio la kama dola milioni 390 kwenye akaunti zao. Wizara ya Sheria ya Marekani ilieleza baadaye kwamba mwishoni mwa Machi mwaka huo kampuni ilikuwa na kama dola milioni 60 tu benki. Watu waliokuwa wakiona maelfu ya dola kwenye skrini walikuwa wakiona namba ambazo nyuma yake, kwa wastani, hakukuwa na hata moja ya sita ya pesa. Waliponea kwa sababu kampuni shindani, PokerStars, ilikubaliana na serikali mwaka 2012 kuyabeba madeni hayo. Wachezaji wa nje ya Marekani walianza kulipwa mwishoni mwa mwaka huo, na wa Marekani wakasubiri hadi 2014. Hao walikuwa na bahati ya kuokolewa na tajiri. Tovuti ndogo inapofungwa usiku, hakuna anayejitokeza kuinunua.

Hapa ndipo watetezi wa kasino husema: mbona hata bahati nasibu na jakpoti kubwa za Marekani hulipa kwa awamu? Ni kweli zinalipa, na inafaa kuona zinavyofanya, kwa sababu ni jambo tofauti kabisa lenye sura inayofanana.

Machi 2003, kijana wa miaka 25 kutoka Los Angeles aliingia hoteli ya Excalibur mjini Las Vegas, akatia kama dola 100 kwenye mashine ya Megabucks, akashinda dola milioni 39.7. Ilikuwa jakpoti kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa na mashine ya sloti. Alipangiwa kulipwa kwa mafungu 25, moja kila mwaka, kila fungu likizidi kidogo dola milioni 1.5. Miaka 25 ni mingi kuliko miezi 24 ya mchezaji wetu. Lakini kanuni za jimbo la Nevada zinamtaka mwendeshaji anayelipa kwa awamu aonyeshe kwamba malipo yote ya mbele yana akiba iliyotengwa, kwa fedha taslimu, dhamana ya benki au hati fungani za serikali kuu. Malipo ya mwaka wa ishirini hayategemei kama kasino itapata wateja mwaka huo.

Bahati nasibu ya Powerball inaeleza jambo hili vizuri zaidi. Jakpoti inayotangazwa ni jumla ya malipo 30 yanayotolewa katika miaka 29: la kwanza mara tu baada ya kudai, kisha moja kila mwaka, kila moja likizidi lililotangulia kwa asilimia 5. Kwa kila dola milioni 100 zinazotangazwa, malipo ya kwanza ni kama milioni 1.5 na ya mwisho ni kama milioni 6.2, kabla ya kodi. Bahati nasibu haina milioni 100 siku ya droo. Inazo pungufu ya hapo, na inazitumia kununua hati fungani zinazoiva mwaka hadi mwaka. Riba ya hati hizo ndiyo inayojaza pengo. Mshindi asiyetaka kusubiri anachagua kuchukua zile zilizopo leo. Novemba 2022 jakpoti ilifika dola bilioni 2.04, na thamani yake taslimu ilikuwa dola milioni 997.6, chini kidogo ya nusu. Wengi husema aliyechukua taslimu amepunjwa nusu. Hakupunjwa. Nusu ya pili ilikuwa riba ya miaka 29 ambayo bado haijazaliwa.

Sasa rudisha kipimo hicho kwa kasino yetu. Powerball ikimchelewesha mshindi, inamlipa kwa kusubiri. Kasino inachelewesha kiasi kilekile bila kuongeza senti. Powerball inampa mshindi chaguo, kasino haimpi. Powerball inanunua hati zinazolingana na kila malipo ya mbele, na kasino inategemea madau ya wateja wa mwezi ujao. Na mshindi wa Powerball hawezi kuurudisha ushindi wake kwenye droo kwa mguso wa kidole. Akifa, malipo yanayobaki yanaenda kwa mirathi yake, ilhali akaunti ya kasino kwa kawaida haihamishiki kwa mtu mwingine, na warithi wake hawana hata nywila ya kuifungulia.

Kwenye kasino hizohizo za mtandaoni kuna ushindi ambao kwa kawaida hulipwa wote kwa mkupuo, na kuujua kunaokoa majonzi. Hizo ni jakpoti zinazokua za mtandao mzima, kama Mega Moolah, mchezo uliopo tangu 2006. Kila anayeucheza, awe kwenye kasino yoyote, sehemu ndogo ya dau lake inaingia kwenye mfuko wa pamoja unaosimamiwa na mtengenezaji wa mchezo. Jakpoti ikiangukia mtu, mfuko ndio unaolipa na kasino hupitisha tu. Oktoba 2015 mchezaji mmoja wa Uingereza alishinda zaidi ya pauni milioni 13.2 kwa dau la peni 25, na akalipwa kwa mkupuo. Ndiyo maana kwenye masharti mengi, baada ya kutaja ukomo wa wiki, huja maneno kwamba ukomo huo hauhusu ushindi wa jakpoti inayokua.

Maneno hayo yasomwe polepole. Ushindi wa mizunguko ya bonasi, hata ukifika mamilioni, si jakpoti inayokua. Mchezo wenye neno jakpoti kwenye jina lake lakini wenye kiasi kisichobadilika nao haumo. Hata jakpoti inayokua ikiwa ni ya kasino yenyewe, isiyounganishwa na nyingine, mara nyingi inabaki chini ya ukomo wa kawaida, kwa kuwa anayelipa ni yuleyule. Kipimo cha kuaminika ni kuuliza mfuko wa jakpoti uko kwa nani. Namba inayopanda juu ya mchezo ikiwa ni ileile kwenye kasino tatu tofauti zenye wamiliki tofauti, mfuko ni wa pamoja. Ikiwa inaonekana kwenye tovuti moja tu, ujue anayelipa ni mwenye tovuti.

Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki kuna kizuizi kingine kinachofanana na ukomo wa kutoa lakini hakitoki kwa kampuni ya kamari. Nchini Kenya, tangu Agosti 2023, akaunti ya M-Pesa haiwezi kuwa na zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Aliyeshinda shilingi milioni 3 hawezi kuzipokea kwa simu kwa mkupuo. Zitaingia kwa mafungu ya 250,000, naye atalazimika kuzihamishia benki ili nafasi ipatikane. Hilo ni bomba jembamba, na hakuna anayenufaika kwa kuchelewesha. Hivi ndivyo unavyotofautisha: bomba jembamba huisha kwa siku chache, na ukiomba kulipwa kwa benki tatizo linaondoka. Kampuni ikikataa benki, au ikikubali benki na bado mafungu yakabaki yaleyale, kizuizi si cha simu.

Kwa anayecheza na anayetaka kujikinga, kazi kubwa ni ya kabla ya kuweka pesa ya kwanza. Tafuta ukomo wa mwezi, si wa wiki, ugawanye kwa ukomo huo ushindi mkubwa kabisa unaowezekana kwa dau lako, uone ni miezi mingapi. Kama mchezo unalipa hadi mara 5,000 na wewe unaweka euro 2, ushindi wa juu ni 10,000, na ukomo wa 7,500 kwa mwezi ni miezi miwili. Ukiweka euro 20 ni 100,000, na utasubiri miezi 14. Dau la juu linaloleta maana kwenye tovuti hiyo limeshajulikana hapo. Tafuta pia kifungu kinachoanza na "mara kumi ya pesa ulizoweka". Kisha fungua rejesta ya mdhibiti aliyetajwa chini ya ukurasa uone kama jina la kampuni limo kweli. Kwa Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Tovuti zenye leseni ya Uingereza zinalazimika kueleza pesa za wateja zinalindwa kwa kiwango gani kampuni ikifilisika: hakuna ulinzi, wa kati au wa juu. Kiwango hicho kisipotajwa popote, chukulia hakuna.

Na aliyekwishashinda? Kwanza asiguse mchezo wala bonasi yoyote itakayotolewa kama pongezi, kwa sababu kukubali bonasi kunaweza kulifunga salio lote kwa masharti mapya ya kuzungusha. Ahifadhi nakala ya masharti kama yalivyo siku hiyo, yenye tarehe, maana kampuni nyingi zimejipa haki ya kuyabadilisha. Atume vitambulisho vyote mapema ili uhakiki usiwe kisingizio cha kila awamu. Halafu aandike barua pepe, si kuzungumza na mhudumu wa dirisha la gumzo, akiomba mambo matatu: kiasi chote kiondolewe kwenye salio la kuchezea na kuwekwa kama ombi moja lililofungwa lisiloweza kufutwa, ratiba ya malipo yote yenye tarehe, na ukomo uongezwe kwa ushindi huu mmoja. La tatu hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa vifungu vingi huiachia kampuni uamuzi, na kampuni yenye pesa haipendi malalamiko yafike kwa mdhibiti. Ikikataa yote matatu, amejua kitu muhimu kuhusu pesa zilizo nyuma ya ile namba ya skrini. Awamu ya kwanza ikichelewa, aandike kwa mdhibiti wiki hiyohiyo, akiambatanisha nakala ya masharti, ratiba aliyoiomba na jibu alilopewa.